Akronimu au kifupisho cha herufi? Jinsi ya kujua TANESCO inasomwaje na TRA inasomwaje, hatua kwa hatua

Mimi kazi yangu ni kuandika matangazo yanayosomwa kwenye spika, yale ya gari linalopita mtaani asubuhi, Igoma, Buzuruga, Nyakato mpaka kule mialoni mitumbwi inapotia nanga. Mtu mwingine ndiye anayesoma, mimi naandika tu. Sasa kuna siku niliandika tangazo la wavuvi, kuna mkutano wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, mwaloni saa nne, na nikampa kijana mpya asome, alikuwa amefika Mwanza karibuni na ziwa halijui vizuri. Akaona B, M, U, akaisoma kama neno moja, "bimu". Kapita nalo mwalo mzima. Mkutano ulivyoanza wenye BMU wenyewe walikuwa wachache, halafu kuna wazee watano hivi wamekuja na makaratasi mkononi wanauliza habari za bima ya mitumbwi. Walisikia bima. Kosa lilikuwa langu maana sikumwandikia isomweje, na tangu hapo jambo hili nimelichukulia kwa uzito sana, ndio maana naandika haya yote.

Kwanza tuelewane majina. Vifupisho vinavyotokana na herufi za mwanzo za maneno viko vya aina mbili. Kuna ambavyo ukishaviunganisha unavisoma kama neno la kawaida, mfano LUKU, BAKITA, TANESCO, FIFA, hivi ndivyo vinaitwa akronimu. Halafu kuna ambavyo unataja herufi moja moja, TRA unasema tii-aa-ei, CCM unasema sii-sii-emu, CRDB unasema sii-aa-dii-bii. Hivi vya pili wataalamu wa lugha wanaviita inishalizimu, ila jina hilo mtaani hulisikii kabisa, kwa hiyo mimi hapa nitaviita vifupisho vya herufi na utanielewa. Neno akronimu limetokana na Kigiriki, sehemu ya kwanza maana yake ncha na ya pili jina, yaani jina lililotengenezwa kwa ncha za maneno. Na ujue kabisa kuna watu wengi, hata kamusi kadhaa, wanatumia akronimu kwa aina zote mbili, kwa hiyo mtu akikuambia TRA ni akronimu usigombane naye, anatumia maana pana. Ila kwa anayesoma kwa sauti ile maana pana haisaidii kitu, anachotaka kujua ni mdomo ufanye nini.

Hatua ya kwanza: hakikisha hicho kitu kinasomwa kifupi kweli

Watu wengi wanairuka hii. Kuna vifupisho ambavyo viko kwenye karatasi tu, ukivifikia unasoma neno zima. "N.k." hakuna anayesema enu-kei, unasema na kadhalika. "Km 12" unasema kilomita kumi na mbili, "Sh. 5,000" unasema shilingi elfu tano, "Dkt." unasema daktari. Hivi haviko kwenye mada yetu, viweke pembeni mapema kabla havijakuchanganya. Kinachochanganya ni kwamba nukta haikuambii chochote, maana S.L.P. nayo ina nukta kama n.k., lakini watu wengi wakiisoma wanasema esi-eli-pii kabisa, kwa hiyo hiyo imeingia kwenye vifupisho vya herufi wakati n.k. haijaingia. Jina la meli nalo, MV Victoria, ile MV ni herufi, emu-vii, na ndivyo wanavyosema hata watoto pale bandarini.

Hatua ya pili: sikiliza watu wake wanasemaje

Hii ndiyo hatua inayoamua, zilizobaki zote ni za kukusaidia kubahatisha vizuri pale ambapo huna mtu wa kumsikiliza. Kifupisho ni akronimu kwa sababu watu wanakisema kama neno, basi, hakuna sababu nyingine. Siyo kwa sababu ya urefu wake, siyo kwa sababu kimeandikwa herufi kubwa, siyo kwa sababu kimetoka kwenye Kiingereza au Kiswahili.

Mfano unaonifundisha zaidi kuliko yote ni wa taasisi moja yenye vifupisho viwili. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kwa Kiswahili ni TAKUKURU na kwa Kiingereza ni PCCB. Ofisi ni ileile, kazi ileile, maafisa walewale, lakini TAKUKURU ni akronimu na PCCB ni kifupisho cha herufi, pii-sii-sii-bii. Kwa hiyo usijiulize "taasisi hii ni ya aina gani", jiulize "haya maandishi yaliyo mbele yangu yanasomwaje".

Hata historia ya vyama inaonyesha hivyohivyo. TANU ilianzishwa 1954 na ilikuwa neno, tanu, wazee wetu wanasema "kadi ya TANU" mpaka leo kama wanavyosema kadi ya kitu chochote. ASP ya Zanzibar ilikuwa herufi, ei-esi-pii, japokuwa ina irabu ya A mbele. Tarehe 5 Februari 1977 vikaungana, neno moja na herufi tatu, kilichozaliwa ni CCM ambayo ni herufi tupu. Hakuna kanuni iliyolazimisha iwe hivyo.

Kusikiliza kwenyewe kuna namna yake. Usimuulize mtu "hii inasomwaje", maana ukimuuliza hivyo anaanza kujipanga, anakusomea kwa uangalifu kama yuko mbele ya mwalimu na pengine anakutajia herufi moja moja ili usikosee kuandika. Mwache aongee. Muulize "mmelipa wapi ile hela ya umeme" usikie anavyolitaja jina katikati ya sentensi akiwa na haraka. Mama anayeuza dagaa atakuambia "umeme umekatika nimepiga Tanesko hawapokei", hapo umepata jibu lako safi kabisa.

Hatua ya tatu: sikia mkazo uko wapi

Kiswahili kina tabia moja nzuri, mkazo wa neno unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Samaki, mkazo uko ma. Mtumbwi, uko tu. Sasa chukua TAKUKURU iseme haraka, utasikia sauti inapanda kwenye ile KU ya pili, takuKUru. BAKITA inapanda kwenye KI. TAMISEMI inapanda kwenye SE. Yaani mdomo umeshaichukua kama neno la nyumbani na kuipa mkazo mmoja tu kwa kitu kizima.

Kwenye vifupisho vya herufi hilo halitokei, kila herufi inasimama na miguu yake. Tii-efu-efu. Jei-kei-tii. Unaweza hata kupumzika katikati na bado mtu akakuelewa, "jei... kei... tii", lakini jaribu kupumzika katikati ya TAMISEMI, "tami... semi", mtu anakushangaa. Mimi nikiwa na shaka natumia hili la kupumzika, naisema polepole nikiwa nimekata katikati, ikivunjika ujue ilikuwa neno.

Hatua ya nne: angalia irabu, lakini usiziamini sana

Hapa sasa ni pale ambapo kifupisho ni kigeni kwako na hakuna wa kumsikiliza. Silabi zetu za Kiswahili zinapenda kuishia na irabu, yaani a, e, i, o, u. Kwa hiyo kifupisho kikiwa konsonanti tupu, TCRA iko karibu na hapo, TBS, TFF, NMB, JWTZ, hicho hakisomeki kama neno na jibu ni herufi, hapo huna haja ya kuhangaika. Kikiwa konsonanti na irabu zimepokezana vizuri, VETA, FETA, TAFIRI, LATRA, EWURA, BASATA, uwezekano mkubwa ni akronimu. TAFIRI ile ya utafiti wa uvuvi na FETA ya mafunzo ya uvuvi, zote mbili zina vituo Nyegezi hapahapa Mwanza, na zote wavuvi wanazisema kama maneno.

Kama inaishia na konsonanti mdomo wetu unajisaidia wenyewe kwa kuongeza irabu. TASAF wengi wanasema tasafu, "hela za tasafu zimetoka". CAF inakuwa kafu, TIN inakuwa tini. Chuo cha SAUT kule Malimbe kinasomwa kama neno, na ukisikiliza vizuri wapo wanaokisema sauti kabisa, kama sauti ya kuongea. Ukisikia irabu imeongezwa mwishoni hivyo ni dalili kubwa kwamba watu wameshaigeuza neno. Ila angalia hapa, hata majina ya herufi tunayaongezea irabu, tunasema efu, emu, esi, kwa hiyo irabu ya nyongeza peke yake haitoshi, angalia kama imeongezwa kwa kitu kizima au kwa kila herufi.

Sasa kwa nini nasema usiziamini sana. Kwa sababu ya TRA. Herufi hizo tatu zinasomeka kabisa, "tra", tena tuna LATRA ambayo inaishia na tra hiyohiyo na wote tunaisema latra bila shida. Lakini TRA hakuna mtu mzima anayeisema tra, ni tii-aa-ei kutoka Kagera mpaka Mtwara. WHO nayo ni hivyo, wenye Kiingereza chao wana neno kamili linaloandikwa hivyohivyo na bado shirika wanalitaja herufi moja moja. Na UN ni yuu-enu wakati watoto wake wawili, UNESCO na UNICEF, ni maneno. Kwa hiyo irabu zinakuambia inawezekana, hazikuambii imetokea.

Hatua ya tano: fungua kifupisho uone kilikatwaje

Hii mimi naipenda kuliko zote maana inakuonyesha nia ya aliyekitengeneza. Kuna watu wakitengeneza kifupisho wanachukua herufi ya kwanza tu ya kila neno, na kuna ambao wanachukua silabi nzima. Wanaochukua silabi walikuwa wanataka neno tangu mwanzo.

TAMISEMI ni Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa: TA, MI, SE, MI. Ona walivyoacha "za" na "na", wakachukua silabi ya kwanza ya kila neno lenye uzito. BAKITA ni Baraza la Kiswahili la Taifa: BA, KI, TA. Wangechukua herufi moja moja ingekuwa BKT na leo tungekuwa tunasema bii-kei-tii. MWAUWASA yetu ya maji nayo ni hivyo, MWA imetoka kwenye Mwanza, zinazofuata zimetoka kwenye maneno ya Kiingereza ya mjini, maji na kuendelea, zimepangwa mpaka ikatoka mwa-u-wa-sa, silabi nne safi ambazo hata mtoto anazisoma. Mtu akikuletea kifupisho ambacho ndani yake kuna silabi nzima nzima, kisome kama neno na mara nyingi sana utapata.

Kuna alama moja ambayo wengi hawaioni, nayo ni CH. Kwa Kiswahili ch ni sauti moja, c peke yake hatuna. CHADEMA ni Chama cha Demokrasia na Maendeleo, wakaibakiza CHA nzima, kwa hiyo ni neno. CCM ni Chama Cha Mapinduzi, wakaikata CH ikabaki C tupu mara mbili, na C tupu kwa Kiswahili haina sauti, kwa hiyo hakuna njia nyingine zaidi ya kuitaja jina lake, sii. Ukiona CH imebaki nzima mwanzoni mwa kifupisho cha Kiswahili, soma neno.

Na hapa niseme kitu kuhusu majina ya herufi. Darasa la kwanza watoto wanafundishwa a, be, che, de, lakini ikifika kwenye vifupisho wote tunahama, tunatumia majina ya Kiingereza hata kama maneno ni ya Kiswahili kabisa. JKT ni Jeshi la Kujenga Taifa, hakuna Kiingereza humo ndani, na bado ni jei-kei-tii. VVU ni Virusi vya Ukimwi, ni vii-vii-yuu. Msomaji wako mpya mwambie hivyo mapema.

Ukimwi, luku na nida: neno likishakuwa neno

Nataka nikae kidogo hapa kwa sababu ndipo unapoona kifupisho kikikua. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania waligundulika Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hapo, na wakati huo watu wa kule waliuita Juliana, jina la kitambaa. Jina la UKIMWI lilikuja baadaye, Upungufu wa Kinga Mwilini: U, KI, MWI. Angalia walivyochukua MWI, konsonanti mbili na irabu, ili itoke silabi ya Kiswahili. Leo watu wengi wanaliandika kwa herufi ndogo, ukimwi, na wapo vijana ambao hawajui kama ni kifupisho. Rada nayo ilipita njia hiyohiyo kwenye Kiingereza miaka ya 1940, ilikuwa herufi za mwanzo za maneno kadhaa, sisi tukaipokea ikiwa imeshakuwa neno.

Halafu tazama sarufi. Tunasema ukimwi unaambukiza, u kwa sababu ya upungufu. Tunasema VVU vinaambukizwa, vi kwa sababu ya virusi. CCM kimeshinda, ki kwa sababu ya chama, ingawa mtaani utasikia sana CCM imeshinda. TAKUKURU imemkamata, i kwa sababu ya taasisi. Yaani ngeli inafuata neno kuu lililojificha ndani, na hilo ni sawa kwa akronimu na kwa kifupisho cha herufi, kwa hiyo usijaribu kutumia ngeli kutofautisha aina hizi mbili, haitakusaidia. Mimi nilipoteza muda mwingi hapo.

Ila LUKU ina la kwake. Lipa Umeme Kadri Unavyotumia. Neno la kwanza ni kitenzi, siyo jina, kwa hiyo halina ngeli ya kukupa. Watu wakafanya wanachofanya na maneno mageni, wakalitupa kwenye i na zi: luku imeisha, luku zimepanda. Na maana ikatanuka, luku ni mita yenyewe, luku ni umeme ulionunua, luku ni zile namba ulizotumiwa kwenye simu. Kifupisho cha herufi ni vigumu kutanuka hivyo. NIDA nayo ilikuwa jina la mamlaka inayotoa vitambulisho, sasa ukiambiwa "njoo na nida yako" unaenda na kadi. Na humo ndani ya NIDA kuna kitu kizuri, N, ID, A, ile ID ikiwa peke yake tunaitaja herufi, ai-dii, lakini ikiingia ndani ya NIDA inameng'enyuka kabisa, ni-da, huisikii tena. Ndiyo maana nasema angalia kifupisho kizima, usiangalie vipande vyake.

Tangazo moja tulipitie pamoja

Tuchukue tangazo la aina ile ninayoletewa, nimelitunga hapa kwa ajili ya mfano: "BMU kwa kushirikiana na TAFIRI na TASAC inawaalika wavuvi wote. Njooni na NIDA na TIN. Mgeni rasmi ni DC. Fomu zinapatikana kwa Sh. 500."

Naanza na hatua ya kwanza, nini hakisomwi kifupi. Ni Sh. peke yake, naiandika "shilingi mia tano" kwa maneno ili msomaji asifikirie.

BMU, konsonanti mbili na U mwishoni. Ukienda kwa irabu tu unaweza kusema bimu kama kijana wetu, au hata "bmu", maana kwenye Kiswahili m inaweza kusimama yenyewe kama silabi, kama kwenye mtu. Lakini ukiifungua ni Kiingereza, kikundi cha usimamizi wa mwalo, herufi moja kwa kila neno, hakuna silabi iliyochukuliwa. Dalili zote zinaelekea herufi. Na ukienda kusikiliza, Kirumba, Igombe, Ukerewe, wote ni bii-emu-yuu. Imeisha.

TAFIRI tumeshaiona, TA mwanzoni imetoka kwenye Tanzania, ni silabi nzima, neno. TASAC hivyohivyo, inaanza na TA ya Tanzania, ikiishia na C inayosikika kama k, kwa hiyo tasaki au tasak, neno. NIDA neno. TIN neno, tini, na wengi wanaongeza "namba" mbele yake, tini namba, japokuwa namba imeshakuwamo kwenye ile N. Kwenye spika naiacha hiyo namba iwepo, maana tini peke yake msikilizaji anaweza kufikiria tunda. DC konsonanti tupu, dii-sii.

Ikifika kwa msomaji karatasi yangu inakuwa hivi: "Bii-emu-yuu kwa kushirikiana na Tafiri na Tasaki inawaalika wavuvi wote. Njooni na nida na tini namba. Mgeni rasmi ni dii-sii. Fomu zinapatikana kwa shilingi mia tano." Kistari kati ya herufi maana yake taja moja moja, neno lisilo na kistari maana yake soma kama ulivyoona. Sijaweka alama nyingine yoyote, hiyo moja inatosha, na kwenye karatasi ya kubandika ukutani narudisha BMU, TAFIRI na NIDA kwa herufi kubwa kama kawaida kwa sababu jicho linazijua hivyo.

Pale ambapo hakuna jibu moja

Vipo. VAT utasikia vii-ei-tii kutoka kwa mhasibu na vati kutoka kwa mwenye duka, mtaa mmoja, siku moja. Hapo kifupisho kiko katikati ya safari na wote wako sahihi, wewe chagua wasikilizaji wako ni akina nani. Nikiandika tangazo la wafanyabiashara wa sokoni naandika vati. Vingine vina sehemu mbili ndani yake, UVCCM yote inatajwa herufi, lakini OR-TAMISEMI mtu anasoma ofisi ya rais halafu tamisemi, nusu ameifungua nusu ameiacha. Usilazimishe iingie kwenye kundi moja.

Na jina linaweza kuhama kundi kwa sababu ofisi imebadilisha jina. Kampuni ya meli hapa ziwani tumeizoea kwa miaka mingi kama MSCL, konsonanti tupu, emu-esi-sii-eli, ndefu na nzito mdomoni. Jina jipya ni TASHICO, tashiko, silabi tatu, na limeshika haraka kwa watu wa bandarini. Tangazo la zamani ukilichukua ukabadilisha herufi tu bila kubadilisha vistari, msomaji atakuja kutaja tii-ei-esi-eichi mbele ya abiria wa Bukoba, na hilo nimeliona likikaribia kutokea.

Kifupisho kikiwa kipya kabisa, hatua zote zimeniacha na shaka na simjui mtu wa kumsikiliza, natafuta namba ya ofisi yenyewe napiga. Simwulizi swali. Nasikiliza tu anavyopokea, maana yule wa mapokezi analitaja jina la ofisi mara mia kwa siku, atakuwa ameshalifupisha kwa namna ambayo mdomo unaweza kuibeba. Akisema "Habari, hapa ni..." naandika nilichosikia palepale kwa kistari au bila kistari, halafu ndiyo namsalimia.